Waya mmoja wa TX na kadi za kumbukumbu zilizokufa

Waya chanya wa betri nilikuwa nimeushika mkononi, umetoka kabisa kwenye bodi, na ile taa ndogo ya pini 13 ilikuwa bado inawaka na kuzimika kila sekunde.

Programu ilikuwa inaendelea kukimbia. Bodi haikuwa na betri, haikuwa na waya wa USB, na kadi ya kumbukumbu tulikuwa tumeshaichomoa. Kijana aliyeniletea kifaa hicho cha kurekodi takwimu alinitazama, akasema, "Kaka, mimi sijagusa kitu."

Kilichobaki kimeunganishwa ni kihisi chake, chenye umeme wake wa volti 5, na nyaya mbili tu kati yake na bodi: graundi, na laini ya TX inayoleta takwimu. Bodi ilikuwa Arduino Pro Mini ile ya volti 3.3 na 8 MHz. TX ya kihisi ilikuwa imeingia moja kwa moja kwenye pini ya RX, ile ya kupokea.

Hakuja kwangu kwa sababu ya taa. Alikuja kwa sababu kifaa chake kilikuwa kinaua kadi za kumbukumbu. Kadi mpya inaandika vizuri kwa muda, halafu siku moja faili hazisomeki, halafu kadi yenyewe haitambuliwi tena. Bodi ni nzima, kihisi ni kizima, na pini ya RX, ile ambayo kila mtu angeionea huruma, haijawahi kukosea hata herufi moja.

Hilo ndilo lililonisumbua kwa wiki kadhaa. Wote tunajua kwamba volti 5 hazipelekwi kwenye pini ya volti 3.3. Tunaambiwa pini itaungua. Hapa pini haikuungua, na aliyekufa ni jirani ambaye hata hakuguswa na waya ule.

## Washukiwa wa kwanza

Kadi bandia ndizo tulizoanza nazo. Kuna kadi nyingi zinazodai ukubwa zisizo nao, na zikijaa huharibu faili kwa namna inayofanana sana na hii. Lakini kadi zilizokufa zilikuwa na faili chache tu, na zilitoka kwa watengenezaji tofauti.

Kisha programu. Kama faili haifungwi vizuri kabla ya bodi kulala, data za mwisho hupotea. Tukaisoma mstari kwa mstari: faili inafungwa, bodi inasubiri kidogo, ndipo inalala. Isitoshe, faili isiyofungwa hupoteza data, haiui kadi.

Ikabaki umeme. Kijana alikuwa ameshaupima mara nyingi, na kila mara mita ilimwonyesha volti 3.30 kwenye pini ya VCC, laini ya umeme inayolisha chipu na kadi. Nami nikapima, nikaona hiyo hiyo 3.30.

Tulikuwa tunapima kifaa kikiwa macho.

Kifaa hicho hulala sehemu kubwa ya maisha yake. Huamka, husikiliza kihisi, huandika mstari mmoja kwenye kadi, hulala tena. Nilipoacha ncha za mita kwenye VCC na kusubiri kilale, namba ilianza kupanda. Ikapita 3.6, ikapita 4, ikatulia kwenye 4.35.

Kadi za SD za kawaida zimetengenezwa kwa volti 2.7 hadi 3.6. Zake zilikuwa zinalala kwenye volti 4.35, usiku na mchana.

## Njia iliyofichwa ndani ya pini

Chipu iliyo kwenye Pro Mini ni ATmega328P. Ndani yake, karibu kila pini ina diodi mbili za ulinzi: moja inatazama graundi, nyingine inatazama VCC. Zimewekwa ili umeme tuli wa vidoleni usiivunje chipu. Volti ya pini ikizidi VCC kwa kiasi cha kufungua diodi, tuseme volti 0.6, mkondo unapita kwenye diodi ile ya juu na kuingia kwenye VCC. Karatasi ya vipimo ya chipu inaweka kikomo: pini isizidi `VCC + 0.5 V`. Kwa bodi ya 3.3 hiyo ni volti 3.8.

Laini ya TX ikiwa kimya haikai kwenye sifuri. Hukaa juu. Ndivyo mawasiliano ya siriali yalivyo: kutulia ni hali ya juu, na laini hushuka pale tu herufi inapopita. Kwa hiyo kihisi kinachotuma mstari mmoja mfupi kila sekunde kinatumia karibu muda wake wote kikiisukuma pini ya RX kwa volti 5, hata kisipokuwa na la kusema.

Na diodi ile haiumezi mkondo huo. Inaupitisha tu. Ni kama bomba la kutolea maji yanayofurika kwenye tangi: ukilielekeza kwenye uwanja wa jirani, tangi lako litabaki salama na nyumba ya jirani italoa.

Swali linalofuata ndilo lililonichukua muda kulielewa vizuri: kwa nini VCC inapanda? Si kuna regyuleta inayoishikilia kwenye 3.3?

Regyuleta ya aina hii inajua kazi moja, kuongeza. Volti ya kutokea ikishuka chini ya 3.3, inafungua transista yake na kuleta mkondo zaidi kutoka kwenye betri. Volti ikipanda juu ya 3.3, inaifunga transista hiyo. Basi. Haina mkono wa pili wa kuvuta volti chini. Kama kuna chanzo kingine kinachosukuma mkondo kwenye laini ile ile, regyuleta inanyamaza, na kinachobaki kuizuia volti isipande ni matumizi ya vifaa vyenyewe.

Mkondo unaoingia ukiwa mdogo kuliko unaotumika, hutaona kitu. Ukiwa mkubwa kuliko unaotumika, volti inapanda mpaka viwili hivyo vilingane.

## Hesabu ya kifaa chenyewe

Kihisi kilikuwa na rezista ya om 220 kwenye TX yake, ndani ya bodi yake. Hiyo inaturahisishia hesabu.

VCC ikiwa 3.3, volti zinazobaki juu ya rezista ni 5 − 0.6 − 3.3, yaani 1.1. Gawanya kwa 220, unapata miliampea 5. Huo ndio mkondo ambao waya wa TX unaweza kuuleta bila kuinua volti.

Kifaa kikiwa macho na kadi imefunguliwa, kilikuwa kinatumia karibu miliampea 8. Tano zinatoka kwenye waya wa TX, tatu zinatoka kwenye regyuleta, na mita inaonyesha 3.30 safi. Kila kitu kinaonekana sawa, ijapokuwa zaidi ya nusu ya umeme wa bodi unaingilia kwenye pini ya data.

Kikilala, chipu inashuka hadi mikroampea chache na kadi inabaki na karibu miliampea 0.2. Sasa rezista ya om 220 inapoteza volti 0.04 tu. VCC inakuwa 5 − 0.6 − 0.04, yaani 4.36. Mita ilisema 4.35.

Na ile taa isiyozimika? Bila betri na bila kadi, chipu ikiwa macho ilihitaji karibu miliampea 4. Juu ya om 220 hiyo ni volti 0.88, kwa hiyo VCC inabaki karibu 3.5 na kushuka kidogo taa inapowaka. Chipu hiyo kwa 8 MHz inatosheka nayo bila shida. Herufi zinapopita na laini kushuka chini, kapasita za bodi zinaibeba kwa ile milisekunde moja. Bodi nzima ilikuwa inaishi kwa waya wa TX.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bodi haikulalamika hata siku moja. ATmega328P yenyewe inaruhusiwa kufanya kazi hadi volti 5.5. Volti 4.35 kwenye VCC yake haikuwa tatizo kwake hata kidogo. Na kwa kuwa VCC ilikuwa imepanda pamoja na pini, hata kile kikomo cha `VCC + 0.5 V` kilikuwa kinavukwa kwa kiasi kidogo sana.

Kadi haikuwa na uvumilivu huo. Ilikuwa kwenye laini hiyo hiyo ya umeme, na ilikuwa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Kuna jambo moja la kuhuzunisha katika kisa hiki. Kijana alikuwa ameitoa taa ya umeme ya Pro Mini, ile inayowaka wakati wote, ili kuokoa betri. Ni ushauri mzuri, nami ningempa. Lakini taa ile ilikuwa inakula mkondo mchana na usiku, na ingeupunguza kidogo mkondo ule uliokuwa unaisukuma VCC juu. Kadiri alivyokifanya kifaa chake kiwe na matumizi madogo, ndivyo volti ya kadi ilivyozidi kupanda.

## Nini kingetokea kwa chipu nyingine

Rezista ile ya om 220 ilikuwa bahati. Bila hiyo, pini ya kutoa ya chipu ya volti 5 inaweza kutoa makumi ya miliampea, na zote zingepita kwenye diodi nyembamba ya ulinzi. Mtengenezaji wa chipu hizi, katika maelezo yake kuhusu kuunganisha pini na umeme wa nje, alishauri diodi hizo zisipitishe zaidi ya miliampea 1. Sisi tulikuwa na 5 kila kifaa kilipoamka.

Mkondo ukizidi zaidi, chipu nyingi za aina hii zina hatari ya pili. Ndani ya silikoni kuna transista zisizokusudiwa, zilizozaliwa na jinsi tabaka zilivyopangana, na mkondo unaoingia mahali pasipotarajiwa unaweza kuziwasha zikajifunga kati ya VCC na graundi. Chipu inapata moto ghafla, inaacha kuitika, na kubonyeza kitufe cha kuanzisha upya hakusaidii. Inaachia pale tu umeme wote unapokatwa, kama bado ni nzima. Ukikutana na chipu inayochemka bila sababu na kupona baada ya kuchomolewa, tazama kwanza nyaya zinazotoka kwenye vifaa vya volti kubwa zaidi.

Zipo pia chipu ambazo pini zake zinakubali volti 5 hata zikiwa zinatumia 3.3. Kwenye chipu nyingi za familia ya STM32, jedwali la pini huziandika FT. Hizo hazina ile diodi ya kwenda VCC, kwa hiyo mkondo haupati njia. Lakini ni pini kwa pini, si chipu nzima, na pini hiyo hiyo ikitumika kupima volti za analogi inaweza kuupoteza uvumilivu huo. Soma mstari wa pini unayoitumia.

## Namna ya kuliona bila kubahatisha

Njia ya kwanza ni ile iliyotufungua macho: pima VCC kifaa kikiwa katika matumizi yake madogo kabisa, na ukiwa unaitazama namba, chomoa waya wa data. Ikiteremka, umempata mhusika. Kwetu ilitoka 4.35 na kukaa 3.30 papo hapo.

Njia ya pili nimeipenda zaidi, kwa sababu inakupa kiasi. Weka rezista ya om 100 katikati ya waya wa data, kisha pima volti kati ya ncha zake mbili laini ikiwa kimya. Pini ya kupokea haipaswi kunywa mkondo wowote wa maana, kwa hiyo mita ionyeshe sifuri au karibu sana na sifuri. Sisi tulipata volti 0.34 kifaa kikiwa macho. Gawanya kwa 100: miliampea 3.4, hata baada ya rezista hiyo ya ziada kuubana mkondo. Data ilikuwa inasomeka bila kosa wakati wote huo.

Ndiyo maana sina imani tena na kauli ya "niliunganisha moja kwa moja na inafanya kazi". Herufi kufika salama ni kipimo cha herufi. Hakisemi lolote juu ya volti za kadi.

## Tulichobadilisha

Wazo la kwanza la kila mtu ni rezista mbili, nami nalo nililianza. Kilo-om 10 kutoka TX hadi pini, kilo-om 20 kutoka pini hadi graundi. Volti 5 zinakuwa 3.33. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambapo kila biti ina mikrosekunde 104, rezista hizo hazicheleweshi kitu cha kuonekana. Zikiunganishwa na kapasitansi ya waya mfupi na ya pini, ucheleweshaji haufiki hata mikrosekunde moja.

Lakini nikajiuliza kuhusu betri ikichomolewa na kihisi kikibaki na umeme wake. VCC inakuwa sifuri, diodi inafunguka, na karibu miliampea 0.4 zinaingia kupitia rezista ya kilo-om 10. Ni kidogo, haziunguzi kitu. Hata hivyo, zinatosha kuifanya VCC ielee mahali fulani juu ya sifuri, na chipu iliyozimwa nusu inaweza kuamka vibaya umeme ukirudi. Kwa kifaa ambacho sehemu zake mbili zina umeme tofauti na zinaweza kuzimwa kwa nyakati tofauti, sikutaka hali hiyo.

Tukaweka 74LVC1G17, chipu ndogo yenye lango moja, ikiwa inalishwa na VCC ile ya 3.3. Sababu ya kuichagua ni mbili, na zote zinahusu diodi. Ingizo lake linakubali hadi volti 5.5 bila kujali VCC yake ni ngapi, kwa sababu halina diodi ya kwenda juu. Na VCC yake ikiwa sifuri, pini zake hazipitishi mkondo wa maana. Waya wa TX unafika hapo na kuishia hapo. Kinachoendelea mbele ni nakala ya volti 3.3.

Kuna watakaouliza kuhusu zile bodi ndogo za kubadilisha volti zenye transista ya BSS138 na rezista mbili za kilo-om 10. Ni nzuri, na zingefanya kazi hapa. Ubora wake unaonekana zaidi kwenye I2C, ambako waya mmoja unazungumza pande zote mbili na kila upande una rezista yake ya kuvuta juu. Udhaifu wake ni kwamba kupanda kwa volti kunaachiwa hizo rezista: kilo-om 10 na pikofaradi 100 za nyaya ndefu kidogo tayari zinafanya mikrosekunde 1, na ukipeleka mawimbi ya kasi utaona kona zimelainika mpaka hazisomeki. Kwa waya wa upande mmoja, lango lenye nguvu ya kusukuma juu na chini ni rahisi zaidi kuliamini.

## Upande wa kurudi

Kijana aliuliza swali zuri baada ya hapo. Kama baadaye atataka kuituma amri kwa kihisi, TX ya bodi ya 3.3 kwenda RX ya kihisi cha volti 5, je, nako kunahitaji chipu?

Huko hakuna wa kuungua. Volti 3.3 haziwezi kuifungua diodi ya upande wa volti 5, labda kihisi kiwe kimezimwa, na hapo hadithi ileile inajirudia kwa mwelekeo wa pili. Hofu ya huko ni kutoeleweka. Swali ni moja tu: mpokeaji anaanza kuita volti "juu" kuanzia ngapi?

Kihisi chake kilikuwa na ATmega328P pia, ikilishwa volti 5. Chipu hiyo inahakikisha kusoma "juu" kuanzia asilimia 60 ya VCC, yaani volti 3.0. Zetu ni 3.3. Kuna nafasi ya 0.3, inatosha kwa waya mfupi. Kama mpokeaji angekuwa chipu ya familia ya 74HC, kizingiti chake ni karibu asilimia 70, yaani volti 3.5, na 3.3 haifiki. Mara nyingi ingesomeka mezani, kwa sababu kizingiti halisi cha chipu nyingi kiko karibu na nusu ya VCC, kisha ingeanza kukosea joto likibadilika au kelele zikiongezeka. Dawa yake ni ndugu yake, 74HCT, anayekubali kuanzia volti 2.0 akiwa analishwa zile zile 5.

Nilimwomba apime pia umeme wa kihisi kabla ya kuiamini ile nafasi ya 0.3. Siku hiyo ulikuwa 5.2. Asilimia 60 yake ni 3.12, na nafasi ikabaki 0.18. Akaamua kuweka 74HCT1G125 na upande huo pia, ilishwe kutoka kwenye volti 5 za kihisi.